Hali Bilioni Mbili, Nishati Moja: Elektroni Ndani ya Uga wa Sumaku



Chukueni utando mwembamba wa madini yanayopitisha umeme, urefu milimita moja na upana milimita moja. Ndani yake elektroni zinaweza kwenda mbele, nyuma, kulia na kushoto, lakini haziwezi kupanda wala kushuka. Upitisheni uga wa sumaku wenye nguvu ya tesla 10, unaoingia wima na wenye nguvu ileile kila mahali. Sasa ulizeni: elektroni moja ndani ya utando huu inaruhusiwa kuwa na nishati gani?

Jibu la fizikia ya kwanta ni kwamba nishati zinazoruhusiwa zimepangika kama ngazi, na nafasi kati ya ngazi moja na inayofuata ni sawa daima. Hili hufundishwa katika vyuo vyote. Swali la pili huulizwa kwa nadra. Katika ngazi moja tu, tuseme ile ya chini kabisa, kuna hali ngapi tofauti ambazo elektroni inaweza kuwa nazo? Jibu ni karibu 2,400,000,000, na hapo bado hatujahesabu spini. Linganisheni na atomu ya hidrojeni ambayo sote tulianza nayo. Pale ngazi ya kwanza ina hali moja, ya pili ina nne, ya tatu tisa. Katika utando wetu, mtu asingeweza kuzihesabu hali za ngazi ya chini kabisa moja moja katika maisha yake.

Ninataka kuwaonyesha namba hiyo inatoka wapi, kwa sababu naamini ndiyo kiini cha somo hili lote. Ngazi zenyewe ni rahisi. Wingi wa hali katika kila ngazi ndio uliozaa mambo ambayo wanafizikia hawakuyatarajia.

Tuanze na elektroni ya fizikia ya zamani. Uga wa sumaku huisukuma elektroni upande, daima kwa pembe mraba na mwendo wake. Kani ya namna hiyo haiongezi kasi wala haiipunguzi. Inaukunja mwendo tu, na elektroni huishia kuzunguka duara. Elektroni yenye kasi kubwa huzunguka duara kubwa na yenye kasi ndogo huzunguka duara dogo, kwa uwiano unaofanya muda wa mzunguko mmoja uwe uleule kwa zote. Katika uga wa tesla 1, elektroni huru huzunguka mara bilioni 28 kwa sekunde, iwe ya haraka au ya polepole. Idadi hiyo hutegemea chaji ya elektroni, tungamo lake na nguvu ya uga, basi.

Ukitaka kulieleza duara hilo kikamilifu, unahitaji kutaja mambo manne: nusukipenyo, mahali elektroni ilipo juu ya duara kwa wakati huo, na namba mbili za kuonyesha kitovu cha duara kiko wapi ndani ya utando. Nishati inategemea la kwanza peke yake. Kitovu kinaweza kuwa popote, na kukihamisha kutoka kona hii hadi kona ile hakugharimu nishati yoyote, maana uga ni uleule kila mahali. Wekeni jambo hili akilini. Wingi tunaoutafuta umejificha ndani ya kitovu.

Sasa tuingie katika kwanta. Heisenberg alitufundisha kwamba mahali pa elektroni na momenta yake haviwezi kujulikana vyote viwili barabara kwa wakati mmoja. Ndani ya uga wa sumaku jambo hilo huchukua sura mpya: mwendo wa kuelekea mashariki na mwendo wa kuelekea kaskazini ndiyo inayokuwa jozi isiyojulikana pamoja. Ukiujua mmoja sawasawa, mwingine unapotea. Na kihisabati, jozi ya namna hiyo ambayo nishati yake ni jumla ya miraba yao ni tatizo lilelile la kitu kinachotikisika kwenye springi. Nishati za springi ya kwanta zinajulikana:

E = (n + ½)ħω, ambapo ω = eB/m na n = 0, 1, 2, 3 …

Hapa e ni chaji ya elektroni, m ni tungamo lake, B ni nguvu ya uga, na ħ ni namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π. Ngazi hizi zina jina la Lev Landau, aliyezaliwa Baku mwaka 1908 na kuchapisha makala yake kuhusu usumaku wa metali mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 22. Vladimir Fock alikuwa amelitatua tatizo linalofanana nalo mwaka 1928. Landau ndiye aliyeona umuhimu wa kuhesabu hali.

Kwa elektroni huru katika tesla 1, nafasi kati ya ngazi mbili ni milielektronivolti 0.116. Ni nishati ndogo sana. Joto la kelvini moja na theluthi linatosha kuifikia, na ndiyo sababu sumaku ya kawaida mezani haituonyeshi chochote cha ngazi hizi.

Jozi ya kwanza imetupa ngazi. Kuna jozi ya pili, nayo ni zile namba mbili za kitovu. Nazo haziwezi kujulikana pamoja. Ukikijua kitovu kiko wapi kwa mashariki na magharibi, hujui kiko wapi kwa kaskazini na kusini. Kwa hiyo kitovu si nukta. Ni kama baka lililotanda juu ya utando, na baka hilo lina eneo la chini ambalo haliwezi kupungua. Eneo hilo ni h/eB, yaani namba ya Planck ikigawanywa kwa chaji na nguvu ya uga. Kila hali inadai eneo lake hilo. Basi idadi ya hali katika ngazi moja ni eneo la utando wote, tuliite A, likigawanywa kwa eneo la baka moja:

N = eBA/h

Katika tesla 10 baka moja lina eneo la nanomita mraba 414 hivi, yaani kama mraba wenye upande wa nanomita 20. Milimita mraba moja ina nanomita mraba trilioni moja. Gawanyeni, mtapata bilioni 2.4. Ndiyo namba niliyoanza nayo.

Tazameni kilichokosekana ndani ya fomula hiyo. Hakuna tungamo. Hakuna n, yaani ngazi ya kwanza na ngazi ya mia zina wingi uleule. Hakuna chochote kinachohusu aina ya madini. Kuna namba mbili za asili, h na e, kisha nguvu ya uga na eneo. Nguvu ya uga ikizidishwa kwa eneo huitwa fluksi ya sumaku, na h/e ni punje ya fluksi yenye ukubwa wa weba 4.136 × 10⁻¹⁵. Kwa maneno mengine, kila ngazi ina hali moja kwa kila punje ya fluksi inayopita ndani ya utando.

Landau mwenyewe alifika hapo kwa njia nyingine, na lazima niieleze kwa sababu ndiyo iliyomo katika vitabu, na wanafunzi wengi hutoka nayo wakiwa na picha potofu. Aliandika hesabu kwa namna inayofanya kila hali iwe wimbi refu linalosafiri upande mmoja wa utando, tuseme kaskazini, huku likiwa limebanwa katika ukanda mwembamba upande wa mashariki na magharibi. Urefu wa wimbi hilo huamua ukanda wake uko wapi: wimbi la mikunjo mingi lina ukanda wa mashariki zaidi, la mikunjo michache lina ukanda wa magharibi zaidi. Mikunjo lazima iwe namba kamili katika urefu wa utando, kwa hiyo kanda zinafuatana kwa hatua sawa. Ukihesabu kanda ngapi zinaenea kutoka ukingo hadi ukingo, unapata eBA/h vilevile.

Picha potofu ni hii: mwanafunzi huona kanda zimepangwa kando kwa kando kama mistari ya daftari, kila elektroni na mstari wake. Tupige hesabu. Katika utando wetu wa milimita moja na tesla 10, hatua kutoka kitovu cha ukanda mmoja hadi kitovu cha unaofuata ni pikomita 0.41, yaani chini sana ya upana wa atomu. Lakini upana wa ukanda wenyewe ni kama nanomita 8. Kwa hiyo ndani ya upana wa ukanda mmoja kuna vitovu vya kanda nyingine karibu elfu ishirini. Zimelaliana kabisa. Zinabaki kuwa hali tofauti kwa sababu idadi ya mikunjo yao kuelekea kaskazini haifanani. Tena, ungeweza kuchagua kuandika hesabu kwa njia nyingine ukapata pete badala ya kanda, na idadi ingebaki ileile. Kanda na pete ni uchaguzi wa mwandishi wa hesabu. Idadi ndiyo mali ya elektroni.

Mtu makini atauliza: hali bilioni 2.4 zimetoka wapi? Je, sumaku imeziumba? Hapana, na jibu lake ni sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kabla ya kuwasha sumaku, elektroni katika utando zilikuwa na hali nyingi zenye nishati mbalimbali. Katika utando usio na kina, hali hizo zimetandazwa kwa usawa: kila kipande cha nishati chenye upana mmoja kina idadi moja ya hali, kiwe cha chini au cha juu. Chukua kipande chenye upana wa ħω, yaani nafasi ya ngazi moja hadi nyingine, uhesabu hali zilizokuwamo kabla ya sumaku. Tungamo linajitokeza juu ya mstari wa kugawanya na chini yake, linakatika, na jibu ni eBA/h bila kupungua wala kuzidi. Sumaku haikuumba hali hata moja. Imekusanya zile zilizokuwa zimetawanyika katika kipande kizima na kuziweka zote katikati ya kipande hicho.

Wakulima wa Usambara na wa Ukambani wanaochonga matuta ya ngazi milimani wanafanya jambo hilohilo. Mkulima haleti udongo kutoka nje. Katika kila kipande cha mteremko anakata nusu ya juu na kuujaza udongo huo katika nusu ya chini, mpaka kipande kiwe tambarare. Udongo ni uleule, na kimo chake cha wastani hakikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mteremko sasa una ngazi. Nusu inayoongezwa kwa n katika fomula ya Landau ndiyo inayosema haya: ngazi ya kwanza haiko sifuri, iko katikati ya kipande cha kwanza.

Sasa tufuate utando mmoja wa kweli. Katika maabara za leo elektroni hufungiwa katika mpaka kati ya tabaka la galiamu na aseniki na tabaka jingine ambamo sehemu ya galiamu imebadilishwa kwa alumini. Humo elektroni hujiendesha kana kwamba tungamo lake ni asilimia 6.7 tu ya tungamo la kawaida, na hilo ni jema kwetu, maana ngazi huachana mara kumi na tano zaidi. Tuseme utando wetu una elektroni 3 × 10¹⁵ kwa kila mita mraba, idadi ya kawaida kabisa katika tabaka hizi. Bila sumaku, kwenye baridi kali, elektroni hizo hujaza hali zote kuanzia sifuri hadi milielektronivolti 10.7. Wastani wa nishati yao ni nusu ya hapo, 5.35.

Washa sumaku hadi tesla 6.2. Nafasi ya ngazi sasa ni milielektronivolti 10.7. Ngazi ya chini kabisa ina hali 1.5 × 10¹⁵ kwa kila mita mraba, na kwa kuwa spini inaruhusu elektroni mbili katika kila hali, elektroni zetu zote zinaenea humo bila kubaki nafasi hata moja. Kila elektroni ina nishati ya 5.35. Ni wastani uleule tuliokuwa nao kabla ya sumaku! Kwa jumla, elektroni hazikulipa kitu.

Punguza uga hadi tesla 3.1. Ngazi zimekaribiana kwa nusu, na kila moja inabeba nusu ya idadi ya mwanzo, kwa hiyo elektroni hujaza ngazi mbili kamili, moja ikiwa kwenye 2.68 na nyingine kwenye 8.03. Wastani ni 5.35 tena. Lakini simama katikati, kwenye tesla 4.13. Sasa ngazi ya kwanza inabeba theluthi mbili za elektroni, kwenye nishati ya 3.57, na theluthi moja iliyobaki imelazimika kupanda ngazi ya pili, kwenye 10.7. Wastani ni 5.94. Nishati imepanda.

Kwa hiyo ukibadilisha uga taratibu, nishati ya elektroni hupanda na kurudi, hupanda na kurudi, ikigusa kiwango cha mwanzo kila ngazi zinapojaa barabara, na isishuke chini yake hata mara moja. Hapa kuna jambo zito. Niels Bohr mwaka 1911, na baadaye Hendrika van Leeuwen mwaka 1919, walionyesha kwamba katika fizikia ya zamani uga wa sumaku hauwezi kubadilisha nishati ya kundi la elektroni lililotulia katika joto lake, na kwa hiyo metali isingeweza kuwa na usumaku wowote kutokana na mizunguko hiyo. Kwanta inasema nishati hupanda, na kitu kinachopanda nishati kikiwekwa ndani ya sumaku hujaribu kutoka. Huo ndio usumaku wa kukataa ambao Landau aliukokotoa.

Landau aliuona pia huo mpando na mrudio, akaandika kwamba pengine hautaonekana, kwa kuwa uga wa maabara hauwezi kuwa sawa vya kutosha kila mahali. Mwaka huohuo wa 1930 Wander de Haas na Pieter van Alphen, huko Leiden, Uholanzi, waliuona katika fuwele ya bismuti. Walipima usumaku wake wakaukuta unayumba kadiri uga ulivyobadilika. Leo mayumbo hayo ni chombo cha kila siku cha kupimia jinsi elektroni zilivyojaa ndani ya metali.

Nini huharibu picha hii safi? Kwanza joto. Tukirudi kwenye utando wetu wa galiamu na aseniki, nafasi ya milielektronivolti 10.7 ni sawa na joto la kelvini 124. Katika joto la chumba elektroni hurukaruka ngazi hovyo na hakuna linaloonekana. Ndani ya heli ya kimiminika, kwenye kelvini 4.2, ngazi ziko wazi. Pili ni uchafu. Atomu geni na kasoro za fuwele hufanya baadhi ya mahali pawe na nishati ya juu kidogo kuliko pengine, na mara moja ule usawa kamili wa hali bilioni mbili unavunjika. Ngazi haibaki mstari. Inakuwa ukanda mnene. Uchafu ukizidi, elektroni hugongwa kabla ya kumaliza hata mzunguko mmoja, na ngazi humezwa kabisa. Mpimaji anajuaje? Anatazama ukinzani wa utando huku akiongeza uga. Mayumbo yanaanza kuonekana pale elektroni inapoweza kuzunguka sehemu nzuri ya duara bila kugongwa, na kadiri yanavyoanza mapema, kwenye uga mdogo, ndivyo utando ulivyo safi. Akiyachora dhidi ya 1/B badala ya B, yanafuatana kwa hatua sawa, na ukubwa wa hatua hiyo unamwambia idadi ya elektroni. Hatua zisipokuwa sawa, ana zaidi ya kundi moja la elektroni, au utando wake hauna usawa.

Kingo za utando nazo huvunja usawa. Kitovu kikikaribia ukingo kwa umbali wa makumi ya nanomita, elektroni hugonga ukuta na nishati yake hupanda. Hali za namna hiyo ni chache mno zikilinganishwa na zile za katikati, ila ndizo zinazobeba mkondo kandokando ya utando. Nazitaja kwa ufupi. Na katika kipande kinene cha metali, elektroni zinaweza pia kusafiri kufuata mwelekeo wa uga, mwendo ambao sumaku haiugusi, kwa hiyo kila ngazi huvutika ikawa mlolongo wa nishati. Ndiyo maana nimeshikilia utando.

Mwaka 1980, usiku wa Februari 4 kuamkia 5, Klaus von Klitzing alikuwa akifanya vipimo katika maabara ya sumaku kali huko Grenoble, Ufaransa, kwa transista za silikoni. Alikuwa akipima volteji inayojitokeza upande wa mkondo wa umeme, ile ambayo Edwin Hall aliigundua mwaka 1879. Volteji hiyo ikigawanywa kwa mkondo hutoa ukinzani wa Hall, ambao ni B/ne, n hapa ikiwa idadi ya elektroni kwa eneo. Wekeni hapo elektroni zinazojaza ngazi kamili, tuseme ngazi i, tukihesabu kila spini kama ngazi yake. Idadi kwa eneo ni i mara eB/h. B inakatika, na ukinzani unakuwa h/ie². Kwa i = 1 ni omu 25,812.807. Hakuna urefu wa transista, hakuna silikoni, hakuna nguvu ya sumaku ndani ya jibu. Von Klitzing alipata tuzo ya Nobeli mwaka 1985.

Lakini angalieni, hesabu niliyoifanya ni kweli kwa nukta moja tu ya uga, ile ambapo ngazi imejaa barabara. Alichokiona von Klitzing ni kwamba ukinzani hubaki palepale katika eneo pana la vipimo, kama tambarare. Utando usio na uchafu hata kidogo usingekuwa na tambarare hiyo. Ni uchafu, uleule unaoipanua ngazi, unaozitega baadhi ya hali mahali pamoja zisibebe mkondo. Elektroni zinapoingia katika hali zilizotegwa au kutoka, mkondo hausikii. Usawa wa nishati umevunjika, ila idadi ya hali imebaki eBA/h, na ni idadi ndiyo inayopimwa. Mwaka 2005 ngazi hizi zilipopimwa katika grafini, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, nafasi zake zilikuwa tofauti kabisa na zile za Landau wa 1930: hukaribiana kadiri unavyopanda, na hukua kwa kipeuo cha pili cha uga. Wingi wa hali haukubadilika. Kila ngazi, kwa kila spini na kila moja ya makundi mawili ya elektroni za grafini, ina hali moja kwa punje moja ya fluksi.

Limebaki swali la mwisho, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Nini hutokea ngazi ya chini kabisa isipojaa? Turudi kwenye milimita yetu mraba na tesla 10, hali bilioni 2.4, na tuwe na elektroni za kujaza theluthi moja tu. Elektroni zina njia ngapi za kujipanga? Idadi ya njia ni namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 600. Nishati ya mzunguko haiwezi kuchagua njia iliyo bora, kwa kuwa kwa njia zote ni moja. Katika metali ya kawaida msukumano wa elektroni na elektroni huweza kuchukuliwa kama jambo la pili baada ya nishati ya mwendo, na mwanafizikia huanza bila huo na kuusahihisha baadaye. Hapa hakuna cha kuanzia. Msukumano ndio unaoamua kila kitu.

Mwaka 1982 Daniel Tsui, Horst Störmer na Arthur Gossard walichapisha kipimo cha hali hiyo hasa. Kwenye theluthi moja ya ngazi walikuta tambarare nyingine ya ukinzani wa Hall, mara tatu ya 25,812.807, mahali ambapo kwa hesabu ya elektroni mojamoja hapakupaswa kuwa na kitu. Mwaka uliofuata Robert Laughlin aliandika wimbi moja la elektroni zote kwa pamoja, ambamo kila jozi inaachana kadiri inavyowezekana bila kutoka katika ngazi ya chini kabisa. Wimbi hilo lilitabiri kwamba usumbufu mdogo ndani ya utando hubeba theluthi ya chaji ya elektroni. Tsui, Störmer na Laughlin walipewa tuzo ya Nobeli mwaka 1998, na mwaka mmoja kabla ya hapo vikundi viwili, kimoja Israeli na kingine Ufaransa, vilikuwa vimeipima theluthi hiyo katika kelele za mkondo wa umeme.

Kwa wanafunzi walio hapa, ombi langu ni moja. Mkifika kwenye ngazi za Landau katika masomo yenu, msiishie kwenye (n + ½)ħω mkageuza ukurasa. Shikeni kalamu, chagueni eneo na uga, mhesabu hali zilizomo katika ngazi moja, kisha mhesabu zilizokuwamo katika kipande hichohicho cha nishati kabla ya sumaku kuwashwa. Kazi hiyo haizidi nusu ukurasa, na namba mbili mtakazozipata zitalingana.